Vyumba 14, wafanyakazi 22 na mvua ya masika mlangoni

*Kaka, habari za kazi. Nina loji ndogo ya vyumba 14 Karatu, juu kidogo ya mji, kama kilomita tatu za barabara ya udongo kutoka lami. Nina wafanyakazi 22. Januari na Februari zilikwenda vizuri, ingawa fedha nyingi nilizitumia kumalizia vyumba viwili vipya. Sasa ni wiki ya kwanza ya Machi na daftari la Aprili na Mei karibu ni jeupe. Benki nina milioni 41. Kati ya hizo, milioni 17 ni malipo ya awali ya makundi ya Julai na Agosti. Makampuni ya utalii yananidai vyumba vyao na mimi ninayadai milioni 14 za wageni waliokwisha kulala.*

*Kampuni moja kubwa kwangu inataka niishushie bei kwa nusu kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, kutoka 300,000 kwa chumba cha watu wawili pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa. Mume wangu anasema tukubali, bora kitu kuliko ukiwa. Mdogo wangu anasema turudishe nusu ya wafanyakazi nyumbani bila mshahara hadi Juni. Fundi naye anasema huu ndio wakati wa kuezeka upya paa la nyasi la ukumbi wa chakula, linavuja pale mapaa mawili yanapokutana, na kupaka rangi nje. Kila mmoja ana sababu zake. Nimekutumia jedwali la matumizi yangu ya mwezi na gharama za mgeni mmoja. Nianzie wapi?*

*Mama wa Loji, Karatu*

Dada yangu, anzia benki, kwa sababu hiyo milioni 41 ndiyo inayompa kila mtu nyumbani kwako ujasiri wa kutoa ushauri.

Toa kwanza milioni 17 za makundi ya Julai na Agosti. Hizo ni fedha za watu zilizolala kwenye akaunti yako. Kundi likivunja safari Juni, utatakiwa kurudisha sehemu yake kwa mujibu wa mkataba, na kundi likija, ndizo zitakazonunua nyama, mboga na gesi ya kuwalisha. Loji nyingi ninazozijua zilizokwama Julai hazikukwama kwa kukosa wageni. Zilikula Julai ikiwa bado Aprili. Wageni wakafika, vyumba vikajaa, na mpishi akawa anakopa vitunguu vya Mang'ola kwa muuza genge.

Toa pia kodi ya ongezeko la thamani ya Februari, ambayo inatakiwa kulipwa ifikapo tarehe 20 Machi. Kwa mauzo uliyonionyesha, ukishaondoa kodi uliyolipa kwenye manunuzi, ni kama milioni 5. Umebakiwa na milioni 19 zilizo zako. Ongeza milioni 14 unazoyadai makampuni, tukichukulia yote yatalipa, unapata 33.

Sasa matumizi. Kwenye jedwali lako mishahara ni milioni 8.8, michango ya mwajiri 1.2, chakula cha wafanyakazi 1.6, umeme na maji na dizeli ya jenereta 1.2, rejesho la mkopo 2.4, na posho yako wewe laki 8. Jumla milioni 16 kwa mwezi, kabla hajaingia mgeni hata mmoja. Wewe unahesabu miezi miwili ya ukame, Aprili na Mei. Mimi nahesabu mitatu. Wageni wa Juni watakuja, lakini makampuni yako yanalipa siku 30 baada ya ankara, kwa hiyo fedha ya Juni utaiona Julai. Miezi mitatu kwa milioni 16 ni 48. Unazo 33. Pengo ni milioni 15, na hapo hujagusa paa wala kopo la rangi.

Mengine yote nitakayosema yanahusu pengo hilo.

Tuanze na kampuni inayotaka nusu bei, maana hapo ndipo watu wengi wa biashara yetu wanapojikata wenyewe. Chumba cha 300,000 kina kodi ndani yake. Gawanya kwa 1.18, unabaki na kama 254,000. Jedwali lako linaonyesha kwamba chumba chenye watu wawili kikilaliwa usiku mmoja kinakula 60,000: chakula cha jioni na asubuhi 44,000, kufua mashuka na taulo pamoja na sabuni 9,000, maji ya moto na umeme 7,000. Kinachobaki kubeba mishahara na mkopo ni 194,000. Sasa uza kwa 150,000. Ukitoa kodi unabaki na 127,000. Mgeni wa nusu bei anakula sahani ileile na kuoga maji yaleyale, kwa hiyo toa 60,000 zilezile. Unabaki na 67,000.

Yaani umepunguza bei kwa nusu, lakini kilichobaki mfukoni kimeshuka hadi theluthi. Ili nusu bei ikupe ulichokuwa unapata kwa chumba kimoja, lazima ulaze karibu vyumba vitatu. Kampuni hiyo haitakuletea wageni mara tatu mwezi wa Aprili. Barabara ni matope, makundi ya nyumbu yameshaondoka upande wa Ndutu, na watu wa Ulaya wanaopanga safari za wanyama wengi wao wanalenga Juni kwenda mbele. Wageni watakaopita Karatu masika kwenda kreta ni wachache, na hao wachache hawaji kwa sababu loji yako imeshuka bei. Wameshanunua safari nzima Arusha au kwao. Punguzo lako litakwenda kwenye faida ya kampuni, mgeni hatalijua.

Halafu angalia walivyoiweka Juni ndani ya ombi lao. Juni kwako ni mwezi unaopanda. Ukiwapa Juni kwa nusu bei, utakuwa umewauzia mwanzo wa msimu wa juu kwa bei ya masika, na mwakani mazungumzo yataanzia hapo.

Usiwakatalie lakini, wape kitu kingine. Wape punguzo la asilimia 20, yaani chumba kwa 240,000, na dereva wao alale na kula bure. Kitanda cha dereva na chakula chake kinakugharimu kama 25,000. Ukitoa kodi, gharama za chumba na za dereva, unabaki na kama 118,000 kwa usiku. Kwa kampuni, dereva kulala bure ni fedha inayoonekana moja kwa moja kwenye hesabu ya safari, maana kila safari ina dereva na kila loji inamtoza. Na dereva aliyelala pazuri akala vizuri ni mtu wa kutunza. Akirudi Arusha, ofisi inamuuliza loji ipi ni safi na ipi maji ya moto yanakatika, na jibu lake lina uzito kuliko vipeperushi vyako vyote.

Kwenye barua ya ofa andika kwamba inahesabiwa kwa tarehe ya kulala, tarehe 10 Aprili hadi 31 Mei. Usiandike tarehe ya kubuki. Nilipokuwa mhasibu wa loji moja upande huohuo tuliandika "kwa buking zote za Aprili na Mei", na tukaletewa buking iliyofanywa tarehe 30 Mei kwa ajili ya kundi la Agosti. Tulibishana wiki mbili, tukashindwa, kwa sababu maandishi yalikuwa yetu. Pia toa siku za Pasaka kama zitaangukia ndani ya kipindi hicho. Siku hizo wageni wa ndani wanajaza vyumba bila ofa yoyote.

Wageni wa ndani ndio upande wa pili. Arusha iko kama saa mbili na nusu kutoka kwako, lami hadi mjini Karatu. Familia ya Arusha haitaki asilimia, inataka sababu ya kukaa zaidi. Wape "lipa siku mbili, lala tatu". Watakulipa 600,000, ukitoa kodi ni 508,000, ukitoa 180,000 za gharama za siku tatu unabaki na 328,000, kama 109,000 kwa usiku. Mteja amepata punguzo la theluthi, lakini bei yako ya 300,000 ubaoni haijaguswa. Ofa hii ifunge kwa kundi la watu wawili kwa chumba, na watoto uwawekee bei yao ya chakula, la sivyo familia ya sita itakula faida yote kwenye meza ya kifungua kinywa. Nakadiria mambo haya mawili yatakupa usiku 40 wa vyumba kati ya Aprili na Mei, si zaidi. Kwa wastani wa 110,000 ni milioni 4.4.

Fedha kubwa zaidi ya masika Karatu haiko kwa watalii. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, na taasisi nyingi zinazotumia bajeti hiyo zina mafungu ya mafunzo na vikao ambayo hayajatumika. Aprili na Mei ndipo wanapotafuta mahali tulivu nje ya mji. Loji yako ina ukumbi wa chakula unaochukua watu 40, una projekta ya kukodi mjini, na vyumba 14 vya vitanda viwili. Semina ya watu 25 kwa siku nne, kila mmoja 130,000 kwa siku kwa kulala, milo mitatu, chai mbili na ukumbi, ni milioni 13. Ukitoa kodi ni 11. Mtu mmoja wa semina atakula na kutumia kama 52,000 kwa siku, kwa hiyo gharama ni milioni 5.2. Unabaki na milioni 5.8. Semina moja tu inazidi ofa zote za watalii nilizozitaja.

Ila semina ina mtego wake, nao ni malipo. Taasisi itakuletea LPO, yaani hati ya kuagiza huduma, itakula, itaondoka, na malipo yatakuja Julai au Agosti. Wakati huohuo kodi ya ankara uliyowaandikia inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, wamelipa au hawajalipa. Ni kama milioni 2 utakazotoa mfukoni kwa niaba yao. Kwa hiyo omba nusu kabla, milioni 6.5, ambayo inalipia vyakula vyote na kukuachia kiasi. Wakisema utaratibu wao hauruhusu, ongea na shirika lisilo la kiserikali au chama cha ushirika cha akiba na mikopo kabla ya kuongea nao tena. Semina isiyolipwa hadi Agosti haikusaidii kuvuka Mei, hata kama faida yake ni nzuri kwenye karatasi. Nenda mwenyewe Arusha wiki hii, usitume barua pepe. Mtu anayepanga semina anataka kuona choo cha ukumbini na kujua kama mtandao unafika chumba cha mwisho, kwa hiyo beba picha na video ya simu.

Sasa wafanyakazi. Mdogo wako anaona milioni 8.8 na anataka kuikata katikati. Namwelewa, lakini huwezi kumrudisha mtu mwenye mkataba nyumbani bila mshahara kwa uamuzi wako peke yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mabadiliko ya masharti yafanyike kwa mashauriano, na kupunguza watu kuna hatua zake za taarifa na majadiliano, pamoja na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, hadi miaka 10. Utakwenda kulipa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zaidi ya ulichookoa. Na hata kama sheria ingekubali, mpishi wako wa kwanza akikaa nyumbani wiki tatu atapata kazi loji ya jirani, na Julai utakuwa unamfundisha kijana mpya kukaanga mayai mbele ya wageni 28.

Kuna jambo jingine mdogo wako halioni. Masika wafanyakazi wako wameshakatwa tayari. Mhudumu wa ukumbini anayepata 350,000 kwa mwezi huenda Februari alipata karibu kiasi hichohicho kwa tipu. Aprili tipu hakuna. Ukigusa na mshahara, umemkata mara mbili.

Chombo chako ni likizo. Kila mtu ana haki ya siku 28 mfululizo kwa mwaka zenye malipo, na mwajiri ndiye anayepanga zianze lini, mradi asipitishe muda wa kisheria. Watu 22 wagawe mawimbi mawili: 11 waende wiki nne kuanzia mapema Aprili, 11 wengine wiki nne zinazofuata. Mwisho wa Mei wote wamemaliza. Hii haipunguzi mishahara ya Aprili hata shilingi, na sheria inataka mshahara wa likizo ulipwe kabla mtu hajaondoka, kwa hiyo fedha ya wimbi la kwanza iandae kabla. Faida yake utaiona Julai hadi Septemba, ambapo hakuna atakayekuomba likizo, hutakodi vibarua wa kuziba nafasi na hutalipa saa za ziada kwa mara moja na nusu. Karatu kuna faida nyingine: Aprili ndiyo palizi ya mahindi na maharage. Waulize nani ana shamba, hao waende wimbi la kwanza. Utashangaa watakavyogombania.

Na watu 11 wakiwa likizo, chakula cha wafanyakazi kinashuka kwa nusu, laki 8 kwa mwezi, milioni 1.6 kwa miezi miwili.

Hao 11 wanaobaki wanahudumia vyumba sita tu. Funga vinane vya mbali, acha sita vilivyo karibu na jiko. Zima mitungi ya maji ya moto ya upande uliofungwa, toa betri za rimoti, kunja magodoro yasimame, fungua madirisha mchana maana Karatu yenye ukungu inaotesha kuvu kwenye mapazia ndani ya wiki mbili. Umeme na dizeli vitashuka karibu nusu, tuseme milioni 1.2 kwa miezi miwili. Semina ikija unafungua vyote kwa siku nne na kuvifunga tena.

Ratiba ya saa iandike upya, usiiache ile ya Februari na watu wakakaa tu. Kawaida ni saa 45 kwa wiki. Masika chakula cha mchana hakina watu, kwa hiyo jikoni mmoja aingie saa 11 alfajiri hadi saa 7 mchana, mwingine saa 7 hadi saa 3 usiku. Walinzi wawili wa usiku wanaopokezana saa 12 watafanya usiku tatu wiki moja na nne wiki nyingine, na ile ya nne ni saa 48, kwa hiyo zile saa 3 za juu ulipe kama za ziada. Zamu ya saa 12 iwe kwa makubaliano ya maandishi. Saa za mchana zinazobaki kwa watu wa vyumba ziende kwenye matengenezo, nitakuja huko.

Kama wapo wanaotaka wenyewe kupumzika zaidi, wenye mashamba makubwa au biashara, wape fomu ya kufanya robo tatu ya muda kwa robo tatu ya mshahara, Aprili na Mei, wakitia sahihi kwa hiari, na michango ya NSSF iendelee kwa mshahara wanaolipwa. Wakipatikana wanne wa 400,000, umeokoa laki 8. Usiwalazimishe kufikia idadi.

Benki yako inayokudai milioni 2.4 kwa mwezi, waone kabla ya mwisho wa Machi. Omba Aprili na Mei ulipe riba peke yake. Kwenye jedwali lako riba ni kama laki 7, kwa hiyo unabakiza milioni 1.7 kwa mwezi, 3.4 kwa miwili. Mtu anayekwenda kabla hajachelewa, na daftari la Julai mkononi, anasikilizwa. Ukienda Mei umeshachelewa rejesho moja, ofisa huyohuyo anakuona mdaiwa sugu.

Matengenezo sasa. Fundi wako ana haki kwamba masika ndio wakati wa kazi, ila amechagua kazi mbili zisizofaa. Nyasi za kuezekea hukatwa zikiwa zimekomaa na kukauka, baada ya mvua. Sasa hivi Machi utauziwa nyasi za mwaka jana zilizolala ghalani, nusu zimeliwa na panya, na mvua itaanza wakati paa liko wazi. Nunua nyasi Julai na Agosti, zihifadhi pakavu juu ya mbao, uezeke mwisho wa Oktoba kabla ya vuli. Kwa sasa mwambie afungue ile mita moja na nusu inayovuja tu, aweke karatasi nzito ya nailoni chini yake kwenye makutano ya mapaa, arudishie nyasi. Ni kazi ya siku mbili. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza kubwa panda uguse miti ya ndani kwa mkono: ikiwa baridi na yenye unyevu upande mmoja tu, bado kuna njia ya maji.

Rangi ya nje ipakwe Juni. Ukuta uliolowa ukipakwa rangi unafungia maji ndani, na ifikapo Septemba rangi inajikunja kama ngozi ya nyoka.

Wiki hii, kabla udongo haujalegea, fanya yanayohitaji gari zito. Gari la kunyonya karo lipande sasa, maana katikati ya Aprili halitaweza zile kilomita tatu. Leta saruji, mabomba na mbao zote unazohitaji hadi Mei kwa safari moja, saruji uipange juu ya mbao mbali na ukuta. Zibua mifereji ya bati na mitaro ya kando ya njia. Maji ya barabara yakipewa pa kwenda, nusu ya matope yako yatakuwa yameisha.

Ndani ya vyumba vinane vilivyofungwa kuna kazi moja inayowezekana masika peke yake. Funga koki zote usiku saa 4, soma mita ya maji, isome tena saa 11 alfajiri. Ikiwa imesogea na hakuna aliyefungua bomba, kuna mahali maji yanavuja chini ya sakafu au kwenye tangi la choo. Funga valvu ya chumba kimoja kila usiku hadi umpate mwizi. Msimu wa juu huwezi kufanya hivi, kuna mtu anaoga saa zote. Nimeona loji iliyolipa maji ya bomba lililopasuka kwa mwaka mzima kwa sababu vyumba havikuwahi kuwa tupu usiku hata mmoja.

Kazi ndogo kama kubana bawaba, kusugua mbao za vitanda, kusafisha matangi na kushona vyandarua, zifanywe na watu wako wa zamu za mchana. Fundi wa nje mwite kwa mabomba na umeme tu. Ulipanga milioni 5 kwa matengenezo. Bila paa na bila rangi, tatu zinatosha.

Turudi kwenye pengo. Lilikuwa 15. Mkopo, chakula na umeme vimelishusha kwa milioni 6.2, likabaki 8.8. Matengenezo ya milioni 3 yanalipandisha hadi 11.8. Ofa 4.4 na semina 5.8, ikilipwa yote kabla ya Julai, zinaleta 10.2. Bado 1.6. Wale wanne wa robo tatu wakipatikana, inabaki laki 8. Hiyo ni posho yako ya mwezi mmoja, na nadhani jibu unalo.

Hesabu hii haina nafasi ya kukosea, na sehemu dhaifu kuliko zote ni zile milioni 14 za makampuni. Iwapo moja litachelewesha milioni 4 hadi Julai, Juni utashindwa kulipa mishahara. Kwa hiyo kuanzia sasa kila Jumatatu asubuhi mhasibu apige simu kwa kila kampuni lenye ankara iliyopita siku 30, na ile kampuni inayotaka ofa iambiwe ofa inaanza ankara za Februari zikishalipwa. Hapo ndipo una nguvu nao, itumie.

Kwa mwakani, fungua akaunti mbili leo. Moja iwe ya malipo ya awali, usihamishe hata shilingi kabla mgeni hajalala. Nyingine ya masika. Ukiuza usiku 1,500 kati ya Julai na Februari, na ukiweka 25,000 kwa kila chumba kilicholaliwa, Machi utakuwa na milioni 37.5. Fanya kila wiki, siyo mwisho wa mwezi ukishalipa wengine wote. Oktoba ikifika uziweke kwenye amana ya muda maalumu inayoiva mwisho wa Machi, au kwenye mfuko kama Ukwasi wa UTT ambao unaweza kuchukua fedha ukizihitaji. Vyumba vipya vya kujenga, visubiri hadi akaunti hiyo ijae.

Ukishatoka benki na Arusha, niandikie walichosema. Kama semina haikupatikana ifikapo tarehe 10 Aprili, tutakaa tena na kuhesabu iwapo ni bora kufunga loji nzima wiki nne za Mei na kubakiza walinzi na fundi, lakini hilo sitalipendekeza kabla hujajaribu.